Kupungua Si Kupunguza: Ushauri kwa Anayetafsiri Ripoti ya Gesijoto

Ripoti za uendelevu huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kwa ajili ya benki, wawekezaji na wanunuzi wa ng'ambo. Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wake wa ripoti hizi mwaka 2021, na mwaka 2023 kikatoka kiwango cha kimataifa cha IFRS S2, kinachozitaka kampuni zinazokifuata zitaje gesijoto zao kwa tarakimu. Baada ya hapo ndipo mtu hukumbuka kwamba wako wasomaji wengine: wafanyakazi, majirani wa kiwanda, na mara nyingine wenye mali wenyewe. Viwanda vya chai vilivyo chini ya KTDA nchini Kenya, kwa mfano, vinamilikiwa na wakulima wadogo. Mkulima akipewa nakala ya Kiswahili, anaisoma kama mwanahisa. Atakayoyaona humo ndiyo atakayoyauliza kwenye mkutano mkuu.

Kazi hiyo ikiletwa kwako, utakuta hatari haiko kwenye istilahi. Istilahi zinatafutika. Hatari iko kwenye vitu vidogo: kiambishi, kihusishi, nukta, na neno moja la kupamba ambalo hukuliona ulipokuwa ukiliandika. Nitatumia kiwanda cha chai cha kubuni ili tuzifuate tarakimu zake mwanzo hadi mwisho.

Kiwanda chetu kimechagua 2019 kuwa mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao miaka mingine yote inapimwa nao. Mwaka huo kilitoa tani 3,100 za chai iliyosindikwa, na gesijoto zake zilikuwa tCO2e 1,240. Mwaka 2023 mvua zilikuwa haba. Chai ilishuka hadi tani 2,480, na gesijoto zikawa tCO2e 1,054. Ripoti ya Kiingereza inasema, kwa lugha kavu kabisa, kwamba gesijoto za Wigo wa 1 na wa 2 za mwaka 2023 zilikuwa chini ya zile za 2019 kwa asilimia 15.

Kabla ya kutafsiri hata neno moja, chukua kikokotoo. Tofauti ni 186. Ukigawa kwa 1,240 unapata asilimia 15 kamili. Vizuri, tarakimu inasimama. Lakini endelea kidogo. Gawa 1,240 kwa tani 3,100 za chai: 0.400. Gawa 1,054 kwa 2,480: 0.425. Kumbe kila tani ya chai ya 2023 ilitoa gesijoto nyingi zaidi kuliko ya 2019, kwa asilimia 6.25. Jumla ilishuka kwa sababu chai yenyewe ilishuka kwa asilimia 20. Hakuna aliyedanganya, kwa kuwa ripoti imesema jumla ilikuwa chini, na kweli ilikuwa chini.

Sasa tazama sentensi ambayo mfasiri mzuri tu, mwenye haraka, angeiandika: "Kiwanda kimefanikiwa kupunguza hewa ukaa kwa asilimia 15." Inasomeka vizuri, na kwa masikio ya Kiswahili inapendeza kuliko ile kavu. Lakini imepotoka angalau mara nne katika maneno manane. "Kimefanikiwa" halimo kwenye Kiingereza. Wigo umetoweka. Mwaka wa msingi umetoweka. Na kubwa kuliko yote, kilichopungua kimegeuzwa kuwa kilichopunguzwa.

Kiswahili kinatutenganishia mambo haya kwa herufi chache tu. Kitu kikipungua, tunajua hali imebadilika, basi. Kikipunguzwa, yuko aliyekipunguza, na sifa au lawama ni yake. Kiwanda chetu hakikupunguza chochote. Ukame ndio uliopunguza majani, na majani machache yakahitaji nishati kidogo. Kwa hiyo kanuni yangu ni ngumu kidogo: usitumie "kupunguza" kwa jambo lililokwisha kutokea mpaka ripoti iwe imetaja kitendo, nani alikifanya, na jinsi matokeo ya kitendo hicho yalivyopimwa. La sivyo andika hivi: "Mwaka 2023 gesijoto za Wigo wa 1 na wa 2 zilikuwa pungufu kwa asilimia 15 kuliko mwaka wa msingi wa 2019." Ndefu, ndiyo. Haimbiki. Lakini mhakiki akiishika hana pa kuibania.

Na ile 0.425? Iache na tarakimu zake tatu baada ya nukta. Wapo wahariri wanaopenda kurahisisha, wakaandika 0.4 kwa miaka yote miwili. Hapo ongezeko la asilimia 6.25 limefutika mbele ya macho ya watu, bila uongo hata mmoja kuandikwa. Wengine huandika 0.40 na 0.43, na msomaji mwenye simu yenye kikokotoo atapata asilimia 7.5 na kujiuliza nani amekosea. Kurahisisha tarakimu ni uamuzi wa mwenye ripoti. Kama chanzo kimetumia nafasi tatu, nawe tumia tatu, kwenye jedwali, kwenye maelezo na chini ya picha.

Kipimo hicho kina mtego mwingine, na huu ni wa kwetu. Chanzo kinasema kilo 0.425 kwa kila kilo ya chai, na anayekisoma kwa Kiingereza anajua ni chai iliyokaushwa, tayari kwa mnada. Mkulima akisikia "kilo ya chai" anafikiria ile anayopima kituoni asubuhi na kulipwa kwayo, yaani majani mabichi. Kwa kawaida huhitajika kilo nne hadi tano za majani mabichi kupata kilo moja ya chai iliyosindikwa. Ukiacha neno "chai" peke yake, mkulima ataubeba mzigo wa gesijoto uliozidishwa mara nne au tano juu ya kila kilo aliyoichuma. Andika "chai iliyosindikwa" kila mahali, hata pale mhariri anapolalamika kwamba umelirudia mno.

Tuje kwenye jina la kile kinachopimwa. Herufi hizo tCO2e zina "e" mwishoni, na "e" hiyo si pambo. Inamaanisha kwamba gesi kadhaa zimejumlishwa baada ya kila moja kugeuzwa kuwa kiasi cha hewa ukaa chenye nguvu sawa ya kuongeza joto. Katika ripoti ya tano ya IPCC, kwa kipindi cha miaka 100, tani moja ya methani ilihesabiwa kama tani 28 za hewa ukaa, na tani moja ya oksidi ya nitrasi kama tani 265. Ripoti zilizotangulia na zilizofuata zina viwango tofauti kidogo. Kwa hiyo kama kiambatisho kinasema viwango vya ripoti ya tano vimetumika, litafsiri hilo na uliache hapo; usitafute viwango vipya kwa nia njema. Na usiite jumla hiyo "hewa ukaa". Mimi huandika "gesijoto" kwa jumla, huacha "hewa ukaa" kwa CO2 peke yake, na hueleza mara moja mwanzoni kwamba tCO2e ni tani zilizolinganishwa na hewa ukaa. Baada ya hapo alama inajitosheleza.

Tofauti hiyo ingeweza kuonekana kama uchokozi wa mwalimu wa isimu, kama si kuni. Viwanda vingi vya chai hukausha majani kwa mvuke wa boila inayochomwa kwa kuni. Chini ya kanuni za GHG Protocol, hewa ukaa inayotoka kwenye kuni zenyewe haiingizwi kwenye Wigo wa 1. Inaripotiwa kando, kwenye mstari wake, kwa hoja kwamba kaboni hiyo ilinyonywa na mti ulipokuwa ukikua. Methani na oksidi ya nitrasi zinazotoka kwenye moto huohuo, hizo zinaingia kwenye Wigo wa 1.

Tuseme kiwanda chetu kilichoma tani 4,000 za kuni mwaka 2023. Kwa viwango vya kawaida vya IPCC vya mwaka 2006, tani moja ya kuni ina nishati ya gigajuli 15.6, na kila terajuli moja ya nishati hiyo hutoa tani 112 za hewa ukaa. Tani 4,000 ni terajuli 62.4. Zidisha kwa 112 na utapata tani 6,989 baada ya kukamilisha desimali. Tarakimu hiyo inakaa kwenye mstari wa kando, na ni zaidi ya mara sita ya ile 1,054 iliyo kwenye kichwa cha habari.

Sasa isome tena sentensi kama hii: "Jumla ya hewa ukaa iliyotoka kiwandani mwaka 2023 ni tani 1,054." Si kweli hata kidogo. Bomba la boila peke yake lilitoa tani 6,989, na jirani anayeuona moshi kila siku hahitaji kuwa mtaalamu ili atie shaka. Mfasiri hakubadilisha tarakimu. Alibadilisha jina la kilichohesabiwa, na tarakimu sahihi ikawa ya uongo. Usijaribu pia kumsaidia msomaji kwa kujumlisha mistari miwili upate 8,043. Jumla hiyo haimo kwenye ripoti, na kanuni zimetenganisha mistari hiyo kwa makusudi. Tafsiri mstari wa kando kwa ukubwa uleule wa herufi uliomo kwenye chanzo, pamoja na maelezo yake mafupi. Wigo wa 3, yaani gesijoto za wauzaji, wasafirishaji na wanunuzi nje ya kiwanda, ikiwa haukuhesabiwa, sentensi inayosema haukuhesabiwa nayo itafsiriwe. Sentensi za namna hiyo ndizo hukatwa kwanza ukurasa ukijaa.

Baada ya yaliyopita huja yajayo, na hapa kihusishi kimoja kinaweza kukuangusha. Kiwanda kimejiwekea lengo la kushusha gesijoto kwa asilimia 30 ifikapo 2030, kikipima kutoka 2019. Maana yake ni kufikia tCO2e 868. Ukiandika "kupunguza hadi asilimia 30", umesema zitabaki asilimia 30 tu, yaani tCO2e 372. Tofauti ya "kwa" na "hadi" hapa ni tani 496. Katika mazungumzo ya kila siku watu huchanganya viwili hivi na wakaelewana kwa sababu wanamwona mwenzao usoni. Ripoti haina uso. Njia salama ni kuweka asilimia na tarakimu yenyewe pamoja, ikiwa chanzo kimezitoa zote mbili: "kwa asilimia 30, kutoka tCO2e 1,240 hadi 868." Hapo "hadi" imepata kazi yake halali.

"Hadi" hiyohiyo husumbua tena pale chanzo kinapotaja kiwango cha juu kabisa. Tuseme ripoti inaeleza kwamba boila mpya huenda ikapunguza matumizi ya kuni kwa kiasi kinachoweza kufika asilimia 20, kwa mujibu wa aliyeitengeneza. "Itapunguza kuni hadi asilimia 20" ina makosa mawili ndani ya maneno matano. Hata "inaweza kupunguza" hainiridhishi, kwa sababu msomaji huielewa kama uwezo uliothibitika: boila hii inaweza, kama vile lori linavyoweza kubeba tani kumi. Kinachotakiwa ni shaka, na Kiswahili kina neno lake: "Kwa mujibu wa mtengenezaji, huenda boila hii ikapunguza matumizi ya kuni kwa kiasi kisichozidi asilimia 20." Usimwondoe mtengenezaji. Ushahidi uliopo ni wake, na msomaji ana haki ya kujua kwamba anayesema ndiye anayeuza.

Kiambishi -ta- nacho kiangaliwe. Hubeba ahadi, ratiba na utabiri vyote kwa pamoja. Kiingereza cha ripoti hutenganisha kwa uangalifu mkubwa baina ya tunalolenga, tunalotarajia na tulilojifunga kulifanya, kwa sababu wanasheria wamepita hapo. "Tutapunguza" inazifuta tofauti zote hizo na kuiacha kampuni na ahadi ambayo haikuitoa. "Tumejiwekea lengo la", "tunatarajia", "tumejifunga": chagua moja kwa kila neno la chanzo na usilibadilishe kwa kuchoka kulirudia. Wanaofundisha uandishi watakwambia urudiaji ni dosari. Kwenye ripoti ya gesijoto urudiaji ni usalama.

Tuje kwenye miche, kwa sababu hakuna ripoti ya chai isiyokuwa na miche. Chanzo kinasema miche 50,000 iligawiwa kwa wakulima. Rasimu ya Kiswahili inasema: "Tumepanda miti 50,000." Kugawa si kupanda, mche si mti, na wakulima si kampuni. Miche hufa njiani, hufa kwa kiangazi, huliwa na mbuzi, na mingine hukaa kwenye viriba nyuma ya nyumba mpaka ikauke. Ikiwa chanzo hakikutaja idadi iliyosalimika, tafsiri isiikuze. Wakulima waliopokea miche hiyo ndio watakaosoma, na wanajua ilipo.

Mwishoni mwa ripoti utakuta barua ya mhakiki. Wafasiri wengi huifikia wakiwa wamechoka, nayo ndiyo inayohitaji utulivu kuliko kurasa zote. Uhakiki una viwango viwili. Katika ule wa juu, mhakiki hutoa maoni ya moja kwa moja kwamba taarifa imeandaliwa ipasavyo katika mambo yote ya msingi. Katika ule wenye mipaka, kazi iliyofanywa ni ndogo zaidi, na kwa hiyo hitimisho huandikwa kwa njia ya kukanusha: hakuna kilichomfikia kilichomfanya aamini kwamba taarifa ina kasoro kubwa. Kiwango cha kimataifa cha uhakiki wa gesijoto, ISAE 3410, kinatenganisha hivyo.

Kishawishi cha kuinyoosha sentensi hiyo ni kikubwa, maana kukanusha mara mbili kunachosha kusoma. Usiinyooshe. Andika: "Kutokana na taratibu tulizozifanya na ushahidi tulioupata, hatukuona jambo lolote lililotufanya tuamini kwamba taarifa ya gesijoto ya mwaka 2023 haikuandaliwa, katika mambo yote ya msingi, kwa mujibu wa vigezo vilivyotajwa." Ukiigeuza kuwa "tumethibitisha kwamba takwimu ni sahihi", umempa mhakiki kazi ambayo hakuifanya na hakulipwa kuifanya. Angalia pia uhakiki ulifunika nini. Mara nyingi ni Wigo wa 1 na wa 2 tu. Basi maneno "ripoti hii imehakikiwa" kwenye jalada hayana msingi. Miche na lengo la 2030 havikuguswa na mhakiki. Tena, saini yake iko kwenye Kiingereza. Mwombe mteja aweke mstari unaosema hivyo kwenye nakala ya Kiswahili.

Kwa wanaotafsiri kutoka Kifaransa, kama ripoti za chai ya Burundi au ya mashariki ya Kongo, kuna jambo moja la kuongeza. Kifaransa hutumia mkato mahali pa nukta ya desimali, na nafasi tupu mahali pa mkato wa maelfu. "1 054,6" ni 1,054.6 kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, na "0,425" ni 0.425. Usifanye mabadiliko haya kwa amri moja ya kompyuta ya kutafuta na kubadilisha. Itabadilisha pia mikato ya sentensi na tarehe. Badilisha moja moja, ukiwa na orodha.

Orodha hiyo ndiyo chombo changu kikuu, na ni karatasi ya kawaida tu ya hesabu. Kila tarakimu ya chanzo ina mstari wake: ukurasa, tarakimu, kipimo, gesi au gesijoto, wigo, mwaka, na ililinganishwa na nini. Safu ya mwisho ni tarakimu kama ilivyo kwenye Kiswahili kilichopangwa tayari kwa kuchapwa, si kwenye faili lako. Wapangaji kurasa huchapa upya majedwali, na maandishi yaliyo ndani ya picha hayafiki kwako kabisa mpaka uyaombe. Vichwa vya habari na maelezo ya picha viangalie mara mbili, kwa sababu huandikwa na watu wa mawasiliano baada ya wataalamu kuondoka, na humo ndimo "rafiki wa mazingira" huzaliwa. Kiwango cha ISO 14021, kinachohusu madai ya mazingira ambayo kampuni hujitolea yenyewe, kinakataza maneno ya jumla ya aina hiyo. Una mahali pa kuegemea ukiyahoji.

Halafu mpe nakala mtu asiyekijua Kiingereza chake. Muulize maswali matatu tu: nini kilishuka, kilishuka kwa sababu gani, na kampuni imeahidi nini. Akijibu kwamba kiwanda kimepunguza moshi, jua sentensi zako zimesema zaidi ya ushahidi, hata kama kila neno moja moja linatetewa na kamusi.

Kuna wakati kosa liko kwenye chanzo. Kichwa cha habari cha Kiingereza kinajisifu kwa asilimia 15, na ongezeko la asilimia 6.25 kwa kila tani ya chai limefichwa kwenye jedwali la kiambatisho. Hapo si kazi yako kukirekebisha kimyakimya, wala kukilainisha, wala kukiongezea chumvi. Mwandikie mteja kabla ya kutafsiri ukurasa huo, taja ukurasa, weka hesabu yako, na uulize swali moja: je, kushuka huku kunatokana na hatua za kiwanda au na uzalishaji kushuka? Wapo watakaobadilisha chanzo, na hushukuru, maana afadhali wasikie kutoka kwako kuliko kwa mnunuzi. Wasipobadilisha, tafsiri walichoandika kama kilivyo, tunza barua yako na jibu lao, na hakikisha jedwali la kiambatisho limo kwenye nakala ya Kiswahili, kamili, na 0.425 yake.